Mishi Hajibu Swali: Kisa cha Kutafuta Sauti ya Msimulizi kwa Hojaji na Mahojiano

Usuli

Mwandishi wa riwaya inayozungumziwa katika kisa hiki ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya pwani ya Kenya. Ameridhia yaliyompata yaandikwe. Jina la kijiji, jina la riwaya na mambo ya kwao yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa, na jina la mhusika wake nimelibadilisha. Humu yeye ataitwa Mwandishi, na mhusika ataitwa Mishi. Mimi nilikuwa mhariri.

Mishi ni mama karanga mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Kwa msomaji aliye mbali na pwani, mama karanga ni mwanamke anayesubiri vyombo vishuke, akanunua samaki wadogo wadogo, akawakaanga na kuwauza kwa rejareja jioni. Nguru na kolekole huchukuliwa na matajiri wenye barafu na magari. Yeye humbakia tafi, pono wadogo na changu wa kiganja. Mtaji wake ni mdogo, kwa hiyo mafuta hukopa, kuni hukopa, na siku mbaya hata samaki wenyewe hukopa.

Katika riwaya, shamba la minazi lililoachwa na baba yao limeuzwa na mdogo wake wa kiume bila yeye kuambiwa. Mdogo mtu kisha akafariki. Riwaya inaanza baada ya arubaini kupita, na msimulizi ni Mishi mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza.

Mwandishi alikuja na sura mbili zilizokwisha kuandikwa. Ya kwanza ilifunguka hivi:

"Nilizaliwa katika kijiji kilichozungukwa na minazi mirefu iliyoyumba kwa upepo mwanana wa kaskazi. Maisha yangu yamekuwa kama bahari, mara shwari, mara dhoruba. Nilipofahamu kwamba ndugu yangu ameliuza shamba la marehemu baba yetu, moyo wangu ulizama kama mtumbwi uliotoboka."

Sarufi haina kasoro, na mwanafunzi akiandika hivyo kwenye mtihani atapata alama nzuri. Ubaya wake ni kwamba sentensi zile haziambiwi mtu. Ukiulizwa Mishi anasema na nani pale, huna jibu, na ndiyo maana hata yeye mwenyewe humsikii. Mwandishi alilijua hilo kabla sijafungua mdomo. Alisema, "Kila nikiandika namsikia mwalimu, simsikii Mishi." Tukakubaliana aache kuandika sura mpaka tujue Mishi anazungumzaje.

Hojaji ya kwanza

Mwandishi hakuanza mikono mitupu. Alikuwa na hojaji aliyopewa kwenye warsha fulani, kurasa kadhaa za maswali kuhusu mhusika: urefu, rangi aipendayo, chakula akipendacho, anachokiogopa, ndoto yake kubwa, wimbo unaomliza. Aliijaza yote, kwa kalamu, akijibu kama Mishi.

Nilipoisoma nilijua mengi kuhusu Mishi na sikuwa nimemsikia hata mara moja. Chini ya "Unaogopa nini zaidi?" palikuwa na jibu hili: "Ninaogopa kuishi na kufa bila haki yangu kutambuliwa." Huyo ni mwalimu tena, safari hii amefupisha.

Kasoro imo katika aina ya maswali. Hojaji nyingi za namna hii zina damu ya mchezo wa sebuleni wa Ulaya ya karne ya 19, ambapo wageni walijaza albamu ya maswali kuhusu mambo wayapendayo. Mfaransa Marcel Proust alijaza moja ya rafiki yake akiwa bado kijana wa shule, na maswali yale hata leo yanaitwa kwa jina lake ingawa si yeye aliyeyatunga. Mchezo ule uliwafaa watu waliopenda kuulizwa habari zao na waliokuwa na wasaa wa kujipamba. Mtu ambaye samaki wake wataharibika jua likimpita hajipambi kwa rangi aipendayo. Ukimuuliza atakuuliza wewe unanunua au hununui.

Kuna la pili, na hili ndilo lililoongoza maamuzi yetu yote baadaye. Mwandishi akijibu kwa maandishi, kwa utulivu, akiwa peke yake, anatunga. Kalamu inampa nafasi ya kurekebisha sentensi kabla haijazaliwa. Sauti ya mtu husikika pale anapokosa nafasi hiyo.

Uamuzi: hojaji ya mwandishi, mahojiano ya mhusika

Hatukuitupa hojaji, ila tuliibadilishia kazi. Kuanzia hapo ilijazwa na Mwandishi kama Mwandishi, kwa nafsi ya tatu, kwa maneno makavu kama ya faili la hospitali. Haikutakiwa kutoa sauti. Ilitakiwa kumpa mhoji silaha.

Maswali tuliyapunguza yakabaki kumi na mawili, na karibu yote yalihusu kitu kilicho kati ya Mishi na mtu mwingine. Anadaiwa na nani, na mdai anadhani amesahau au anajua kwamba anamkwepa? Akipita njiani, ni nyumba gani anayoizunguka ili asionekane? Mara ya mwisho alidanganya nini, na aliyedanganywa alijua? Ni nani asiyeweza kumkatia kauli? Ni jina gani halitamki nyumbani kwake? Anapolipwa, pesa anaziweka wapi mwilini?

Swali hili la mwisho linaonekana la kuchekesha, lakini lilitupa jambo. Mwandishi aliandika: "Anazifunga kwenye ncha ya leso. Tangu shamba liuzwe anazifunga mafundo mawili." Nilimuuliza fundo la pili limetoka wapi. Hakujua, mkono tu ulikuwa umeandika. Tukaliacha vivyo hivyo bila kulieleza.

Sehemu ya pili ilikuwa mahojiano ya mdomo. Walimu wa maigizo wana zoezi la zamani la kumkalisha mwigizaji kitini na kumhoji akiwa ndani ya uhusika wake. Sisi tulilichukua tukaliongezea masharti. Mwandishi ndiye akae kitini na kujibu kama Mishi. Mhoji asiwe mimi wala Mwandishi, bali mtu wa tatu. Mhoji naye awe na uhusika, yaani Mishi asihojiwe na "mwandishi wa habari" asiye na sura, bali na mtu ambaye Mishi angekutana naye kweli. Mhoji asome hojaji iliyojazwa, achague mambo mawili au matatu tu, na asimwambie Mwandishi amechagua yapi. Kila kikao kirekodiwe kwa simu na kisizidi nusu saa, maana baada ya hapo mtu anachoka na kuanza kuigiza.

Tulimpata mhoji katika kikundi cha usomaji cha Mwandishi. Ni mwanamke aliyewahi kufanya kazi ya kukusanya takwimu kijiji kwa kijiji. Ustadi wake mkubwa ulikuwa kunyamaza: aliuliza swali, akangoja, na aliyeulizwa aliponyamaza yeye hakumwokoa.

Kikao cha karani

Katika kikao cha kwanza mhoji alikuwa karani wa ofisi ya ardhi. Meza, daftari, kalamu. Nanukuu kipande kama kilivyotoka kwenye simu.

Karani: Shamba liliuzwa lini?

Mishi: Si mimi niliyeuza.

Karani: Sijauliza nani. Lini?

Mishi: (kimya) Kusi ilikuwa ishaingia. Nlikuwa nadaiwa mtungi wa mafuta.

Karani: Mwezi gani, mama?

Mishi: Nakwambia nlikuwa nadaiwa mtungi. Hamadi wa dukani anayo kwa daftari. Kamuulize tarehe.

Karani: Jina la muuzaji?

Mishi: Wewe una wadogo? Wa kiume?

Mwandishi alitoka kwenye kikao hicho akidhani kimeharibika kwa sababu Mishi hakujibu swali hata moja. Mimi niliona kinyume. Mle mna mambo ambayo hojaji ya kurasa zote zile haikuyatoa. Mishi hahesabu wakati kwa miezi, anauhesabu kwa madeni. Akiulizwa jina la ndugu yake anageuza swali likamrudia aliyeuliza. Tena bahari, iliyojaa kila mstari wa sura ya kwanza, haimo kabisa. Kusi imetajwa mara moja, tena kama tarehe.

Hili la bahari lilinipendeza kuliko yote. Tunapoandika mtu wa kazi fulani huwa tunamvika tamathali za kazi hiyo: mvuvi anaona maisha kuwa ni mawimbi, mkulima anaona moyo kuwa ni shamba. Lakini anayekaanga tafi kila siku ya Mungu hamwoni tafi kama mfano wa kitu kingine. Tafi ni hela, na hela hiyo ina mwenyewe anayeingoja. Kazi yake ilimpa Mishi vipimo vya kupimia dunia, mitungi na madaftari. Sitiari za mashairi hazikutoka huko.

Tatizo la kunukuu

Hapa ilitokea hitilafu ndogo iliyokaribia kutupotezea kikao kizima. Mwandishi alichukua rekodi akaiandika mwenyewe. Aliponiletea, "nlikuwa" imekuwa "nilikuwa", "ishaingia" imekuwa "ilikuwa imekwisha kuingia", na kimya chote kimefutwa. Swali "Wewe una wadogo?" lilikuwa limesogezwa chini, baada ya Mishi kulitaja jina la ndugu yake, jina ambalo kwenye rekodi hakulitaja kabisa.

Hakukusudia kudanganya. Mkono wa mwalimu hauwezi kuona sentensi iliyopinda ukaipita. Lakini kila alichokinyoosha ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Tukaamua kwamba rekodi ziandikwe na mhoji, kila neno, kila kusita, kila sentensi iliyoachwa njiani. Mwandishi asome akiwa na kalamu ya rangi ya kupigia mistari tu, asiwe na ya kuongeza neno.

Anayejaribu njia hii peke yake, bila mhoji, atakwama hapa. Dalili ni rahisi kuiona: nukuu ikisomeka vizuri mno, kila swali likipata jibu lake na kila sentensi ikifika mwisho, basi ameisahihisha bila kujijua, na arudi kwenye rekodi.

Kikao kilichoharibika

Cha pili kiliharibika kweli. Mhoji alikuwa mjukuu wa Mishi, msichana wa shule, anayemuuliza bibi yake habari za zamani. Sote tulikitegemea sana, na tulidhani hapo ndipo Mishi atafunguka.

Akafunguka mno. Mishi alizungumza dakika kumi na tano bila kusita. Methali zilimtoka kama maji, kila jibu lilimalizika kwa funzo, na mhoji hakuwa na pa kuingilia. "Mjukuu wangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." "Mjukuu wangu, mali ya kurithi haina baraka kama ya jasho." Yule hakuwa Mishi. Alikuwa bibi wa vitabuni, yule ambaye sote tumesoma habari zake shuleni, na Mwandishi anaweza kumfanya akiwa usingizini.

Kilichofanya karani apate alichopata na mjukuu akose, kwa maoni yangu, ni kwamba mjukuu hakuwa anataka kitu ambacho Mishi hataki kutoa. Karani alitaka jina na tarehe, na vyote viwili vinauma. Mjukuu alitaka hadithi, na hadithi ni bure. Pasipo anayenyang'anya, Mishi hakuwa na cha kulinda, nafasi ikabaki tupu na mazoea ya Mwandishi yakaijaza. Tuliifuta rekodi ile, ila kitu kimoja tulikihifadhi: tulijua sasa Mishi wa uongo anasikikaje. Baadaye kila Mwandishi alipokutana na methali katika rasimu, alikuwa na pa kuilinganishia.

Wifi

Kikao cha wifi hakikuwa kwenye mpango. Mhoji ndiye aliyekipendekeza baada ya kusoma hojaji tena. Chini ya "Ni nyumba gani anayoizunguka?" Mwandishi alikuwa ameandika: "Ya mjane wa ndugu yake." Mhoji akaniambia pembeni, "Basi mimi nitakuwa huyo mjane, na nitakuja mwenyewe kwake." Mwandishi hakuambiwa. Aliketi kitini akitarajia karani mwingine.

Wifi: Hodi, wifi.

Mishi: (kimya kirefu) Karibu. Kaa hapo penye kivuli. Hapo sipo, hapo pana moshi.

Wifi: Nimekuja tuyazungumze.

Mishi: Umekula?

Wifi: Nimekula, wifi.

Mishi: Umekula nini? Chukua huyu. Si wa kuuza, kavunjika mkia, nani atamnunua.

Wifi: Marehemu alikuwa anataka kuja kwako. Kabla.

Mishi: Alinambia Ijumaa. Kwa simu. Ijumaa, dada, nakuja. Zilipita ngapi? Wewe ulikuwa naye ndani, wewe ulikuwa unamhesabia.

Wifi: Alikuwa mgonjwa.

Mishi: Mmeze taratibu huyo, ana miba.

Tulipoisikiliza pamoja, Mwandishi alinyamaza, kisha akasema, "Riwaya nzima anamwambia wifi." Uamuzi mkubwa wa kazi ile ulifanyika pale, na ulihusu msikilizaji. Wifi ni mtu ambaye Mishi hawezi kumfukuza kwa heshima, hawezi kumwamini, na hana mwingine aliyebaki wa kuzungumza naye kuhusu marehemu. Mbele yake Mishi ana adabu na ana kisasi kwa wakati mmoja. Anamlisha, na katika kumlisha anamhukumu.

Karatasi ya sauti

Kutoka kwenye nukuu za karani na za wifi, Mwandishi alitengeneza karatasi ya ukurasa mmoja. Kila jambo lililoingia lilitakiwa liwe na mstari wa nukuu unaolithibitisha, na wazo zuri lisilo na ushahidi lilibaki nje.

Ilisema kwamba Mishi huweka tarehe kwa deni. Ilisema kwamba kabla ya neno zito huwa anatoa amri ndogo: kaa, kula, sogea. Jina la ndugu yake halitoki, badala yake huja "mumeo" mbele ya wifi na "yule mdogo" mbele ya wengine. Akibanwa hakani wala hakubali, anauliza swali. Hafananishi kitu na samaki wala na bahari. Methali anaitumia pale tu anapotaka mazungumzo yaishe, na mara nyingi pale anadanganya. Jambo hili la mwisho ndilo pekee lililotoka nje ya nukuu hizo, katika kikao cha mjukuu, kwa njia ya kinyume.

Lahaja tuliijadili kwa muda. Kumwandika Mishi kwa matamshi yake yote, "nlikuwa", "ntakuja", "shakula", kungemchosha msomaji wa Eldoret au Mwanza, na kungemfanya Mishi aonekane kioja. Mwandishi alichagua kuandika matamshi sanifu na kuubakiza mpangilio wa sentensi: ufupi wake, swali linalogeuka, amri inayotangulia. Maneno machache ya pwani yalibaki pale ambapo hayana badala. Nadhani alichagua vizuri, ingawa rafiki zake wawili wa huko huko pwani walimwambia amemwosha Mishi.

Kisha akaandika upya mwanzo:

"Kaa hapo penye kivuli, wifi. Mwaka ambao mumeo aliuza shamba nilikuwa nadaiwa mitungi mitatu ya mafuta na Hamadi wa dukani. Miwili nikailipa. Wa tatu Hamadi aliacha kuniuliza, na mdai akiacha kukudai ujue kuna jambo amelisikia. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nikawa nafurahi, nikasema Hamadi amekuwa mtu mwema."

Mbali na kwamba sauti imebadilika, angalia kisa kilivyoingia ndani yake. Katika rasimu ya zamani Mishi aligundua uuzaji kwa kuambiwa na jirani, ukurasa mzima. Sasa kijiji kizima kinadhani amepata mgao wake, mdai ametulia kwa sababu anajua pesa ziko njiani, na Mishi peke yake ndiye asiyejua. Mpango wa riwaya haukuwa na tukio hili. Lilizaliwa kutokana na tabia ya kuhesabu wakati kwa deni.

Matokeo

Rasimu ya kwanza ilikamilika. Sura mbili za mwanzo zilitupwa zote, na sura zilizofuata, isipokuwa ya nne, ziliandikwa kwa mfululizo bila Mwandishi kurudi nyuma kuuliza Mishi angesemaje. Wasomaji watatu wa kikundi walipewa sura ya kwanza ya zamani na mpya bila kuambiwa ipi ni ipi wala kwamba mwandishi ni mmoja. Wote walidhani ni waandishi wawili. Hilo halithibitishi kwamba mpya ni bora, lakini linathibitisha kwamba mwalimu ametoka kwenye chumba. Hivi sasa muswada uko katika marekebisho ya pili na haujapelekwa kwa mchapishaji.

Uchambuzi: kilichofaa

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kumpa mhoji haja inayogongana na haja ya mhusika. Zana nyingine, simu, nukuu, karatasi, zilikuwa za kukinga tu kilichopatikana kisimwagike. Kikao cha mjukuu kilikuwa na zana zote hizo na hakikutoa kitu.

La pili ni kutenganisha habari na sauti. Mwandishi alipoacha kuidai hojaji impe sauti, hojaji ilianza kufanya kazi yake vizuri. Jibu kavu, "nyumba ya mjane wa ndugu yake", lilikuwa na nguvu kuliko aya nzima ya hisia, kwa sababu mtu mwingine angeweza kulichukua na kulitumia dhidi ya Mishi.

Siri ya mhoji nayo ilisaidia. Kama Mwandishi angejua wifi anakuja, angekuwa ameandaa hotuba njiani. Kimya kirefu baada ya "Hodi, wifi" hakiandaliki.

Niongeze hapa jambo ambalo wengine wataniuliza. Mwandishi alikwenda kwa mama karanga halisi kuuliza kazi inavyokwenda: nani anapanga bei, mafuta hutumika mara ngapi kabla hayajamwagwa, deni linaandikwa vipi. Hakuwarekodi na hakuchukua maneno yao. Ukweli wa kazi aliutoa kwa wenye kazi, sauti akaitafuta kwa Mishi. Mpaka huo ulimkinga asije akaandika mtu anayetambulika mtaani, na ulitukinga sote na kishawishi cha kuokota misemo ya watu na kuipachika kama mapambo.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Sura ya nne Mishi yuko peke yake shambani usiku, akiangalia vigingi vya mipaka mipya. Hakuna wifi wala karani. Ndani ya aya mbili upepo mwanana ukarudi, na mwezi ukawa na majonzi. Njia yetu ilikuwa imetafuta sauti ya Mishi akisema na mtu, na haikuwa na neno kuhusu Mishi akiwaza. Tulijaribu kikao ambamo mhoji ananyamaza kabisa na Mishi anazungumza peke yake, kikatoa shairi baya. Mwishowe Mwandishi aliigeuza sura: usiku ule Mishi anamsimulia wifi baadaye, na kila anachokiona kinapitia kwake. "Vigingi vyenyewe vyekundu, wifi, kama vile vya mumeo alivyopiga kwenu alipojenga choo." Sura iliokoka, lakini sidhani tatizo limetatuliwa, limezungukwa. Riwaya inayohitaji upweke wa kweli wa mhusika haitasaidiwa na mahojiano peke yake.

Lingine lilitokana na msikilizaji yule yule aliyetuokoa. Wifi anajua mambo mengi. Alikuwepo harusini, alikuwepo hospitalini. Mishi hawezi kumsimulia harusi yake mwenyewe bila kusikika kama mjinga, na msomaji naye hakuwepo. Mahali pengine Mwandishi alilitatua kwa ubishi, "Utasema haikuwa hivyo, lakini mimi nilikuwa jikoni, wewe ulikuwa umefunikwa mtandio", na ubishi ule ukawa mzuri. Mahali pengine, hasa sura ya sita, habari bado zimekaa kama mizigo iliyoshushwa njiani.

La mwisho, na hili lilionekana rasimu ilipokwisha, karatasi ya sauti iligeuka kuwa kalibu. Amri ndogo kabla ya neno zito ilipendeza mara ya kwanza na ya tano. Kufika katikati ya muswada, kila ukurasa mtu anaambiwa akae au ale, hata pale ambapo hakuna neno zito linalokuja. Msomaji mmoja aliandika pembeni, "Wifi atapasuka." Katika marekebisho ya pili Mwandishi anapitia kila amri na kuuliza Mishi anakwepa nini hapo. Kama hakwepi kitu, amri inatoka. Anafanya vivyo hivyo na madeni. Katika nukuu za vikao, dalili hizi zilijitokeza Mishi alipobanwa tu. Alipoulizwa bei ya tafi alijibu bei, kwa sentensi moja iliyonyooka. Karatasi iliandika dalili na ikasahau kuandika hali zinazozileta, na sasa hali hizo zimeongezwa kwa penseli pembeni ya kila mstari.